Shajara ya mradi: mzinga, shoga na tusi lililopotea njiani

Jumatatu usiku

Naanza kuandika leo kwa sababu nimeshaona hii kazi ina mambo mengi na nisipoandika ntasahau niliamua nini na kwa nini. Binamu yangu karekodi filamu fupi ya dakika 26, nusu iko kijiwe cha bodaboda Mwananyamala na nusu iko saluni ya kina dada mtaa wa pili, watu wanapiga stori tu, hakuna msimuliaji wala muziki mwingi. Anataka maandishi ya Kiingereza chini ya skrini ili watu wa nje waielewe. Kijana anayemsaidia kashaandika maneno yote kwenye faili, mstari kwa mstari na dakika yake pembeni, alafu akapitisha faili zima kwenye programu ya kutafsiri ya bure na akaniletea mimi "nipige pasi tu kidogo". Nimefungua faili saa mbili usiku, saivi saa tano nipo mstari wa 30.

Kinachonisumbua sio kwamba Kiingereza ni kibovu, Kiingereza ni kizuri sana, kimenyooka, nukta ziko mahali pake, mtu asiyejua Kiswahili akisoma ataamini kila kitu. Ila mstari wa 14 unasema mtoto kampiga mtu kwa mzinga.

Mstari wenyewe anaongea dereva mmoja, anamwambia mwenzake:

"Jana mwana kanipiga mzinga wa buku tano, nikaona soo kumnyima."

Mtu wa Dar hapo hana swali. Mshikaji jana kamwomba elfu tano, akaona aibu kumnyima. Kiingereza kilichotoka, nikikirudisha kwenye Kiswahili neno kwa neno, kinasema: jana mtoto alinipiga kwa mzinga wa vitabu vitano, nikaona ni vibaya kumnyima. Mzinga ule wa kulipuka, wa jeshini. Na vitabu ndo vile vya kusoma, maana buku limechukuliwa kama kitabu cha Kiingereza.

Nimeamua kesho niache kurekebisha, nikae na huu mstari mmoja tu mpaka nijue umeharibikia wapi, maana kama sijui unaharibika vipi sitajua mistari mingine ipi imeharibika bila kuonekana.

Jumanne

Leo nimefanya kitu rahisi, nimebadilisha neno moja moja kwenye ule mstari na kuitafsiri upya kila mara, naandika kilichobadilika. Muhimu ni moja moja, ukibadilisha mawili kwa pamoja hujui lipi limesaidia.

Nilianza na "kanipiga", nikaiweka "amenipiga". Hii watu wengi wangeiruka kwa sababu sio neno la mtaani kivile, ni namna ya kuongea tu, lakini kwenye vitabu "ka" ni ya kusimulia, "nikaenda, nikamwona", kwaiyo mashine iliyosoma vitabu inaweza ikajichanganya hapo kabla hata haijafika kwenye mzinga. Kwenye mstari huu haikubadilisha kitu. Sawa, nikajua "ka" sio mkosaji hapa.

Nikaja "mwana", nikaweka "rafiki yangu". Mtoto akaondoka, akaja rafiki, ila rafiki naye anapiga watu kwa mzinga.

Nikatoa "kanipiga mzinga wa" nikaweka "ameniomba". Sentensi nzima ikatulia mara moja, rafiki ameomba vitabu vitano. Hapa ndo nikaona jinsi neno moja lilivyokuwa linavuta mengine, kwa sababu mzinga ukiwepo mashine inatafuta kupiga, na kupiga kukiwepo "kumnyima" inakosa maana, inatafuta pa kuegemea.

Nikaweka "shilingi elfu tano" badala ya buku tano. Vitabu vikaisha. Mwisho "soo" nikaiweka "aibu", na ile "nikaona ni vibaya" ikawa aibu kweli. Kumbe pale kwenye soo mashine ilikuwa imekisia, na imekisia karibu, na hilo ndo baya zaidi kuliko mzinga, kwa sababu mzinga unauona, ila kisio la karibu linapita kama halipo.

Sasa kwa nini mzinga ukawa wa jeshini. Nimekaa nalifikiria hili wakati nasubiri maji yajae ndoo, na jibu nadhani lipo wazi kwa yeyote anayesikiliza taarifa ya habari. Ni wapi Kiswahili kilichoandikwa kinaweka "piga" na "mzinga" karibu karibu? Rais akija kumtembelea rais mwenzake anapigiwa mizinga 21. Hiyo sentensi imeandikwa magazetini miaka na miaka, tena ina mwenzake wa Kiingereza ulioandikwa siku hiyohiyo kuhusu ziara hiyohiyo. Hizi mashine hazifundishwi maana ya neno na mwalimu, zinasoma mamilioni ya sentensi zilizopangwa mbili mbili, Kiswahili huku na Kiingereza kule, na kuchukua linalotokea mara nyingi. Na hizo jozi zinatoka wapi? Habari, nyaraka za serikali na mashirika, maandiko ya dini, makala za Wikipedia. Dereva wa boda anayeombwa elfu tano hakuna aliyekaa akamwandikia jozi yake ya Kiingereza. Kwaiyo mashine haijakosea kwa upande wake, imetoa maana ya "piga mzinga" iliyoiona. Ile yetu haijawahi kukutana nayo, au imekutana nayo mara chache mno haikushika.

Hata mitihani ya hizi mashine haigusi huku. Kuna mkusanyiko mmoja unatumika sana kupimia tafsiri za lugha nyingi Kiswahili kikiwemo, unaitwa FLORES-200, una sentensi 3001 na zimechukuliwa Wikinews, Wikijunior na Wikivoyage, yaani habari, vitabu vya watoto na maelezo ya safari. Mashine ikipata alama nzuri pale ni kweli inatafsiri habari vizuri. Kuhusu kijiwe hujaambiwa kitu.

Jumatano

Binamu kanipigia, anasema yule kijana kashahakiki faili zima, kaligeuza. Nikamuuliza kaligeuza vipi, akasema Kiingereza chote kakirudisha kwenye Kiswahili kwa programu ileile na "imerudi vilevile".

Nimechukua mda kumweleza na nataka niliandike hapa vizuri kwa sababu hii njia ya kugeuza ndo watu wengi wanaiamini na kwa lugha ya mtaani inadanganya. Mstari wetu wa 14 ukigeuza unarudi hivi: "Jana mtoto alinipiga kwa mzinga wa vitabu vitano, nikaona ni vibaya kumnyima." Mtu anayepitia haraka anaona jana ipo, mzinga upo, tano ipo, kumnyima ipo, anaweka tiki. Na kwa nini mzinga umerudi? Kwa sababu mashine ilikosea kwa kwenda moja kwa moja, mzinga ukawa kifaa cha kijeshi, na kifaa cha kijeshi kikirudi kinakuwa mzinga tena. Kosa la tafsiri ya neno kwa neno linarudi salama kabisa, limevaa nguo zilezile. Tena tafsiri nzuri ndo ingerudi tofauti! Kama Kiingereza kingesema rafiki kaniomba elfu tano, ingerudi "rafiki yangu aliniomba shilingi elfu tano", na yule kijana angeona mzinga haupo, angeandika kosa.

Kwaiyo kugeuza kunafaa kukamata tarehe iliyobadilika, namba iliyopotea, "hapana" iliyodondoka. Kwa misimu, yaani maneno ya mtaani, usiitumie kabisa kama ushahidi.

Binamu kakaa kimya kidogo kwenye simu alafu kauliza, "Sasa kaka, mtu asiyejua Kiswahili kabisa atajuaje?" Nikamwambia asome mstari unaofuata. Huyo dereva mwenzake anajibu akicheka, "Si ungempa tu, mwana hana noma." Mtu amepigwa kwa mzinga, mwenzake anacheka na kumwambia ungempa tu? Hapo hata mtu wa Norway anasimama. Jibu la anayejibu linabeba maana ya alichosikia, na yeye alisikia vizuri kuliko mashine. Kwaiyo tumekubaliana, mtu wa nje akisoma aangalie vitu viwili, kitu kilichotokea ghafla ambacho hakina kazi pale (mnyama, silaha, kiungo cha mwili, mtoto asiyekuwepo kwenye picha), na jibu lisiloendana na lililosemwa. Ataikamata mingi. Hataikamata ile ya kisio la karibu, hiyo inahitaji mtu.

Ijumaa

Jana sikugusa, kulikuwa na msiba. Leo nimeingia upande wa saluni.

Hapa kuna kosa ambalo lingetuletea shida ya kweli. Dakika ya 17 mama mmoja anasukwa, anaongea kwa lafudhi ya Unguja, anasema "shoga yangu kaolewa juzi, harusi ilifana." Anamsema rafiki yake wa kike. Mashine imeandika kwamba rafiki huyo ni mwanaume anayependa wanaume na ndo kaolewa. Imeandika kwa ile lugha ya kawaida ya magazetini, bila wasiwasi wowote.

Nilimpigia mama mdogo, yeye kakulia Unguja, nilitaka kusikia kwake kabla sijagusa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama mdogo, wewe rafiki zako unawaita shoga hadi leo?"

"Kwani niwaite nani? Shoga ni shoga. Mwanamke na mwanamke mwenziwe. Ila sasa nikiwa huko bara nanyamaza, maana watoto wanageuka wananitazama."

Ndo hivo. Neno moja, watu wawili. Kwa wanawake wa pwani na visiwani ni rafiki wa karibu, na wasichana wa mjini nao wana "shosti" kwa maana hiyohiyo. Kwa sehemu kubwa ya wengine ni neno la kumtaja mwanaume wa mapenzi ya jinsia moja, mara nyingi kwa dharau. Kwenye maandishi ya intaneti hii ya pili imejaa kwa sababu ndo inayoandikwa kwenye habari na mabishano, na ile ya kwanza inaishi mdomoni, barazani, kwenye kusuka. Mashine inapima kwa maandishi tu.

Nikafanya lile zoezi la kubadilisha sentensi badala ya neno. Nikaiweka shoga kwenye sentensi nne ambazo zinalazimisha maana ya rafiki wa kike: mwanamke anasema "mimi na shoga yangu tumesoma wote", "shoga, nipitie jioni", na nyingine kama hizo. Tatu zimetoka na maana ileile ya mwanaume anayependa wanaume. Moja, ile ya "shoga, nipitie jioni", imetoka rafiki. Hii inaonyesha mashine maana ya urafiki inayo mahali fulani, ila haiangalii anayeongea ni nani. Haioni picha, haisikii sauti ya kike, haijui lafudhi. Inapewa mstari mmoja mkavu.

Hapa nimeweka sheria ya mradi na sitaibadilisha: neno lolote linalomtaja mtu kwa jinsia yake, kabila, mapenzi au dini yake halipiti kwa mashine hata kama sentensi inaonekana sawa. Yule mama ana jina na sura kwenye filamu, na rafiki yake anajulikana mtaani. Mstari mmoja kama huo ukizunguka kwenye simu hauurudishi.

Jumapili mchana

Matusi. Nilikuwa nayaogopa haya na nimeyaacha mwisho.

Dakika ya 21 daladala inampita dereva wa boda karibu sana, kioo cha pembeni kinamgusa bega. Anapiga kelele tusi la mama, lile zito kabisa, alafu "ungeniua!" Kijana aliyeandika faili kaliandika kama vijana wanavyoandika kwenye simu, "kmmk ungeniua". Kiingereza kilichotoka kina "ungeniua" tu. Hakuna tusi, hakuna nyota, hakuna pengo. Ukisoma unaona mtu anaongea kwa upole sana na dereva wa daladala.

Nilifuta "kmmk" kabisa nikatafsiri tena. Matokeo yakawa yaleyale herufi kwa herufi. Hilo ndo zoezi langu la pili na nalipenda sana kwa urahisi wake: futa neno, kama tafsiri haibadiliki basi neno hilo halikuwahi kutafsiriwa, lilitupwa. Nikaliandika kirefu kama linavyotamkwa, limeshikana. Safari hii ikatoka "mama yako, ungeniua". Mashine nyingi za siku hizi zinakata neno vipande vipande kabla ya kulisoma, ikikutana na neno isilolijua inashika kipande inachokijua, na hapo kilichojulikana ni mama. Uchafu umebaki mlangoni, mama kaingia peke yake. Nikaweka nyota katikati, vile watu wanavyojistahi, ikalinakili vilevile na nyota yake.

Kwa nini tusi zito lijulikane kidogo hivyo wakati kila mtu mjini analijua? Sababu ya kwanza ni ileile, haliandikwi kwenye jozi. Ila kuna ya pili, nayo ni ya makusudi. Maandishi ya kufundishia mashine yanachujwa. Mfano unaojulikana ni C4, mkusanyiko mkubwa wa maandishi ya Kiingereza kutoka intaneti uliotengenezwa na watafiti wa Google mwaka 2019, ukurasa wowote uliokuwa na neno lililo kwenye orodha waliyoitumia ya maneno machafu ulitolewa wote, ukurasa mzima sio neno. Na kwenye tafsiri, Meta walipotoa mashine yao ya kutafsiri NLLB mwaka 2022 walitengeneza orodha za maneno machafu kwa lugha 200 hivi, na wakazitumia kutupa jozi ambazo upande mmoja una matusi na upande wa pili hauna. Lengo lao naliheshimu, hawataki mashine imwongezee mtu tusi ambalo hakutukana, na hilo nimelionja kwenye shoga. Lakini madhara yake lazima uyajue unapotafsiri kijiwe.

Na orodha kwa Kiswahili ina ugumu wake, kwa sababu lugha yetu inabandika vitu mbele na nyuma ya neno. Nilijaribu kwenye faili letu lenyewe, nikatafuta herufi nne za tusi moja kwa namna mbili:

```
grep -ci "kuma" mistari.txt
grep -ciw "kuma" mistari.txt
```

Ya kwanza inahesabu mistari yenye hizo herufi popote, ikanipa 19. Ya pili inahesabu pale zinaposimama kama neno zima, ikanipa 0. Nikaifungua ile 19: kumaliza, kumalizia, kumaanisha, na mistari mitatu tu ya matusi kweli, ambayo yote yameshikana na mama au nina. Kwaiyo kichujio cha herufi popote kingetupa watu wanaosema wamechelewa kumaliza kazi, na kichujio cha neno zima kisingekamata tusi hata moja. Ukiweka na vitenzi vichafu, ambavyo vinavaa "ali", "wata", "m", "ana" na mnyambuliko mwisho, orodha ya maneno 100 inakuwa kama wavu wa dagaa wenye matundu ya papa.

Jumapili usiku

Nimesahau kuandika kitu cha mchana. Nilitunga neno ambalo halipo, "kanichwerua", nikaweka "jana mwana kanichwerua". Nilitaka kuona mashine itasemaje ikiwa haijui. Haikusema haijui. Ilinipa Kiingereza safi kwamba jana mtoto alinikwaruza. Neno nimelitunga mimi nikiwa nakula embe! Nikabadilisha kidogo, "kanichweruza", ikawa alinichelewesha. Kwaiyo ukilikuta neno la mtaani na hujui kama mashine inalijua, tunga neno la uongo lenye umbo hilohilo uliweke mahali pake. Kama tafsiri ya neno la kweli ina uhakika uleule kama ya neno la uongo, usihesabu huo uhakika kama kitu.

Jumanne ya pili

Uzito. Kuna mistari ambayo maana imepatikana lakini uzito umepotea, na hapa hakuna zoezi la kompyuta linalosaidia, nimejaribu.

"We kenge!" kwenye kijiwe yule mzee kamwambia kijana aliyemchekesha. Mashine kaandika jina la mjusi mkubwa. Kwa Kiingereza mjusi huyo sio tusi hata kidogo, ni mnyama wa kwenye kitabu. "Fala wewe" imetoka mara mbili, mara moja kama mjinga wa kawaida na mara moja kama tusi chafu kabisa la Kiingereza, faili moja, mtu mmoja anayeongea, tofauti ni koma tu. Nadhani maandishi ya sinema zilizotafsiriwa yanachangia, maana pale tusi la lugha moja hubadilishwa na lolote lililo karibu, na mashine inajifunza kwamba lolote linafaa.

Nimetafuta watu watatu: kijana wa bodaboda wa hapa Mwananyamala, mama mdogo wa Unguja, na rafiki yangu mmoja wa Nairobi. Mwanzo niliwauliza "hili neno ni tusi?" na majibu hayakunisaidia, kila mtu anasema inategemea. Nikabadili swali, nikawa nawachezea klipu alafu nauliza: huyu akimwambia hivi mwenzake mbele ya mama mkwe wake, nini kitatokea? Hapo majibu yakaja yenye nyama. "Kenge" wote watatu wakasema mama mkwe atashtuka kidogo basi. "Fala" kijana akasema si kitu, mama mdogo akasema "huyo aondoke hapo kwanza." Lile la dakika ya 21 kijana mwenyewe, ambaye analitumia kila siku, akasema mbele ya mama mkwe ndoa imekwisha. Nikapanga namba za uzito 0 mpaka 3 kutokana na hayo majibu, tena naandika namba ya chini na ya juu niliyopewa, siweki wastani, kwa sababu 1 na 3 ukizifanya 2 umemdanganya kila mtu. Neno la Kiingereza nachagua lenye uzito wa klipu, nani anamwambia nani na kama wanacheka.

Rafiki wa Nairobi kanipa na zawadi ambayo sikuitarajia. Nilimchezea ule mstari wa 14 wa mzinga. Kasikiliza mara mbili alafu kasema kwao mzinga ni ile chupa kubwa ya pombe kali, na soo ni shilingi mia, kwaiyo alichosikia mwanzo ni kitu cha chupa na hela, na "nikaona soo" ikamshinda kabisa. Mtu anayeongea Kiswahili tangu azaliwe! Tangu hapo kila mstari wenye msimu nimeuwekea safu moja zaidi kwenye faili: umesemwa wapi. Bila hiyo safu hata mhakiki mzuri anaweza kuhakiki vibaya, anahakiki mzinga wa kwao.

Alhamisi

Hali ilivyo. Mistari yenye msimu au tusi nimeihesabu 88. Nimeipitisha yote kwenye kubadilisha neno na kufuta neno, na klipu zake zimesikilizwa na angalau watu wawili. Iliyokuwa sawa tangu mwanzo ni 23 na mingi kati ya hiyo ni maneno yaliyozeeka kama "poa" na "noma", ambayo yameandikwa sana kiasi kwamba mashine imeyazoea. Ingawa hata "noma" imeniangusha mara mbili, pale mtu alipomaanisha kitu kikali cha kusifiwa na yenyewe ikaandika tatizo.

Mstari wa 14 sasa unasema rafiki kamwomba elfu tano na akaona aibu kukataa. Nimepoteza ladha ya mzinga, najua, ile picha ya mtu kulipuliwa na ombi la hela ghafla haipo tena, na nimetafuta Kiingereza cha mtaani chenye ladha hiyo sijakipata ambacho mtazamaji hatasimama kukifikiria. Skrini inampa sekunde tatu tu. Nikachagua aelewe.

Tusi la dakika ya 21 binamu alitaka tulilainishe kwa sababu ya mashangazi. Nilimkatalia kwenye maandishi ya Kiingereza, nikamwambia sauti aamue yeye, akitaka aizime, lakini maandishi yasiseme mtu alikuwa mpole wakati alikuwa ameponea chupuchupu na bega linamuuma. Kakubali.

Umebaki mstari mmoja, dakika ya 24. Dereva mmoja anamwambia mwingine "usinizingue na hiyo kitu ya juzi", na mashine kaandika usinitoe mashetani, ambayo kwa kamusi za zamani ina sababu yake, kuzingua ni kumfungua mtu uchawi. Yule kijana wa bodaboda anasema ni "usinisumbue". Ila ukisikiliza sauti inashuka pale kwenye "juzi" na yule mwingine hajibu, anaangalia chini. Sijui kama ni usumbufu au ni onyo. Jumamosi naenda kijiweni na simu, namchezea mwenyewe aliyesema.